Nakataaje miting ya Madam bila kuonekana najiona?

Habari zenu. Mimi ni msichana wa Ruiru, nafanya logistiki kwa shirika moja dogo, ofisi iko Kilimani. Alhamisi huwa nafanyia kazi nyumbani. Sasa Madam, ndiye programu meneja wetu, ametuma mwaliko wa miting Alhamisi ya wiki ijayo, saa nane mpaka saa tisa na nusu, watu tisa, na kichwa ni "Tangi, tuongee" basi. Ni ile maneno ya kupeleka tangi 18 za maji kwa mashule huko Kajiado, tuko na kotesheni tatu za lori na tunafaa kuchagua moja. Mimi naona hiyo kitu naweza kuiandika kwa peji moja watu wasome wajibu tumalizane, badala nipande 145 mpaka tao, alafu 46 mpaka Kilimani, alafu nirudi na jam ya jioni, yote ndio nikasikilize watu wakisomeana Excel. Shida ni mwezi uliopita niliandika "Sitaweza kufika, naomba mnitumie minitsi" na Madam akaniuliza mbele ya watu kama miting zake ni za watu wasio na kazi. Ni mama mkubwa na namheshimu sana. Safari hii nimwandikie aje?

Mchovu wa Ruiru

.....

Dadangu Mchovu, ile mesej yako ya mwezi uliopita haikukosa adabu, ilikosa mzigo. Ulimwambia Madam huendi, alafu hapo hapo ukamwongezea kazi ya kukutumia minitsi, yaani umekuja mikono mitupu na bado unaitisha chai. Hata ungeweka "tafadhali" saba, mtu mzima akisoma hiyo anaona tu mtu ambaye ameamua wengine wakae kwa miting wamchotee. Kwa hivyo kabla hatujafika kwa maneno ya kumwandikia, ujue peji inaandikwa kwanza, mesej inakuja baadaye. Usiahidi "naweza andika kitu." Andika hiyo kitu, iwe imeisha, alafu ndio ufungue WhatsApp. Mtu aliyekataa akiwa amebeba kazi imekamilika ni ngumu sana kumwambia ana kiburi.

Na hiyo peji usianze kuiandika kabla hujajua miting inatafuta nini. "Tangi, tuongee" si ajenda, hiyo ni salamu. Wewe unadhani ni kotesheni, na pengine ni kotesheni kweli, lakini pengine Madam amepigiwa simu na mfadhili akaulizwa mbona tangi bado ziko godauni, na anataka mwelewane nyinyi kwa nyinyi kabla ajibu. Sasa ukimletea peji ya lori utakuwa umejibu swali lingine kabisa. Muulize leo, kwa mstari mmoja tu, bila kutaja kwamba hutaki kwenda: "Madam, ile miting ya tangi Alhamisi, tunataka tutoke pale tumeamua nini? Nataka nijiandae." Hapo hakuna mtu anaweza kasirika, mfanyakazi anajiandaa, shida iko wapi. Na jibu atakalokupa ndilo kichwa cha peji yako. Akisema "tuchague lori na tujue shule gani zianze", mambo yako yako sawa, endelea kusoma. Akisema "kuna mambo mengi, tukutane tu", dadangu, vaa viatu Alhamisi.

Tuseme amejibu ile ya kwanza. Sasa keti na zile kotesheni. Sijaziona, kwa hivyo nitaweka zangu za mfano ndio uone venye hii kitu hufanya kazi, wewe utaweka za ukweli. Tuseme lori moja inabeba tangi tatu, kwa hivyo tangi 18 ni safari sita. Mwenye lori wa kwanza anataka 14,500 kwa safari na vijana wa kupakia na kushusha wako ndani, jumla 87,000, na anaweza anza Jumatatu. Wa pili anataka 12,000 kwa safari, jumla 72,000, na huyu ndiye kila mtu kwa ofisi ameshampenda kwa sababu walisoma ile namba ya mwisho tu. Lakini soma pale chini kabisa kwa yale maandishi madogo, vijana ni juu yenu. Ukitafuta vijana kwa 2,500 kila safari, hiyo ni 15,000, na sasa huyu wa bei rahisi amefika 87,000 sawa sawa na mwenzake, na juu ya hiyo hawezi anza mpaka siku kumi ziishe. Wa tatu anataka 95,000 kila kitu, vijana ndani, bima ya mzigo ndani, anaanza Jumatatu.

Umeona kitu imetokea hapo? Mlikuwa mnaenda kukaa watu tisa kuchagua mmoja kwa watatu. Ukishaandika, wa pili ametoka mwenyewe bila mtu kumfukuza, na swali lililobaki ni moja tu, je tulipe 8,000 zaidi ndio tangi likianguka njiani kuwe na mtu wa kulipa? Hilo si swali la watu tisa. Ni la mhasibu na Madam. Na lile la shule zipi zianze ni la afisa wenu wa fildi, kwa sababu ndiye anajua barabara gani ikinyesha lori haipiti. Wale wengine watano wanafaa kujua tu, wasome wakipenda. Kwa ukweli hii ndio sababu napenda kuandika kuliko kukutana kwa mambo ya namna hii: kwa miting yule wa 72,000 angekula dakika arobaini, kila mtu akisema lakini huyu si ndio rahisi, na mtu wa kusema "ngojeni, vijana hawako ndani" angeongea dakika ya mwisho wakati watu wanafunga laptopu.

Sasa peji yenyewe. Juu kabisa weka yale mnayoamua, mistari miwili: tunachagua lori, na tunapanga shule za kwanza. Chini yake zile namba tatu kwa jedwali dogo, bei ya safari, vijana, bima, jumla, tarehe ya kuanza. Alafu mapendekezo yako, na hapa usiogope. Andika "Napendekeza wa kwanza, isipokuwa mhasibu akiona bima ni muhimu, basi tuende na wa tatu." Watu wengi huandika peji nzuri alafu hawasemi wanataka nini, wanamalizia na "naomba maoni yenu", na hiyo ndio huzaa miting ingine, kwa sababu maoni hayaishi. Mtu akikuta pendekezo anajua anakubali ama anapinga. Mwisho, andika kila mtu anajibu nini. Mhasibu: bima ndio au hapana. Afisa wa fildi: shule sita za kwanza kwa majina, na kama kuna njia lori haipiti. Madam: kuidhinisha. Wengine: kusoma tu. Ikizidi peji moja na nusu ujue umeanza kueleza historia ya tangi, futa.

Kabla ya kutuma linki fanya jambo moja ambalo nimeona likiharibu watu wengi kuliko kiburi. Kama umeandika kwa Google Docs, bonyeza Share uangalie iko aje, maana ikiwa Restricted na hujaongeza majina ya watu, Madam atabonyeza akiwa kwa matatu, apate ukuta umeandikwa Request access, na wewe umelala, ama uko kwa stima imepotea Ruiru. Sasa umemwambia huji miting na ile kitu umemletea badala yake imefungwa kufuli. Weka waweze kuandika komenti, ile inaitwa Commenter. Ukiwapa Editor kuna mtu atafuta jedwali na kidole akijaribu kukuza maandishi kwa simu, namjua huyo mtu, kila ofisi iko naye. Alafu mtumie hiyo linki rafiki mmoja wa ofisi aijaribu, ndio uone venye wengine wanaiona.

Haya, mesej. Inaenda kwa Madam peke yake, si kwa grupu, na inaenda mahali yeye husoma. Kama ni mtu wa WhatsApp, ni WhatsApp, usimtumie imeili eti ndio ionekane rasmi alafu aione Ijumaa. Na itume mapema, Ijumaa hii ama Jumatatu asubuhi. Ukituma Alhamisi saa sita na miting ni saa nane, hiyo hata iandikwe na malaika bado ni kususia. Ningeandika hivi:

"Madam, habari ya asubuhi. Kuhusu miting ya tangi ya Alhamisi, nimezipitia zile kotesheni tatu nikaziweka kwa peji moja, linki iko hapa chini. Yule wa 72,000 hajaweka vijana wa kupakia, akiwaweka anafika 87,000 kama yule wa kwanza, na anachelewa siku kumi. Kwa hivyo naona imebaki kuamua vitu viwili: kama tulipe 8,000 zaidi tupate bima ya mzigo, na shule gani zianze. Bima ni mhasibu na wewe, shule ni afisa wa fildi. Nilikuwa naomba, badala ya mimi kuja Alhamisi, mhasibu na afisa wa fildi wajibu kwa hiyo peji kufikia Jumatano saa kumi jioni. Nitawafuata mimi mwenyewe, na Jumatano jioni nikuletee majibu uidhinishe. Miting usiifute bado. Kama kuna kitu kitakuwa kimebaki, Alhamisi saa nane niko hapo ofisini. Na kama kuna jambo ulitaka tuongee ana kwa ana ambalo mimi silijui, niambie tu, nitakuja."

Ni ndefu kidogo kwa WhatsApp, najua, lakini hakuna mstari hapo wa bure. Angalia inaanza na nini. Haianzi na "samahani", haianzi na "sitaweza", inaanza na kazi imefanywa, na kabla hajafika kwa neno "badala ya mimi kuja" ameshajua kitu hakuwa anajua, kwamba yule wa bei rahisi si rahisi. Hiyo habari ya vijana iweke ndani ya mesej yenyewe hata kama iko kwa peji, kwa sababu pengine hatafungua linki saa hiyo, na hiyo sentensi moja ndio inamuonyesha hii kitu ni serious na wewe huko nyumbani hukulala.

Hukuona nimetaja Ruiru, wala 145, wala jam, wala kwamba ni siku yako ya nyumbani. Ziache. Ni sababu za ukweli, na mimi mwenyewe ile jam ya jioni ya Thika Road naijua, lakini ukimpa bosi sababu ya jam amepata kitu cha kujadili: si utoke mapema, si uje na mwenzako mwenye gari, si tuifanye saa tatu asubuhi basi. Tena sababu yako inamfanya apime shida yako na shida ya wenzako wanaotoka Kitengela na Rongai na bado huja. Usiingize hiyo hesabu. Na ile hesabu ingine pia, kwamba watu tisa mara saa moja na nusu ni masaa kumi na tatu na nusu ya kazi, ni hesabu nzuri, iweke kwa roho. Ukimwandikia Madam hiyo umemwambia anapoteza pesa ya shirika, na yeye ndiye ameitisha miting. Halafu hii maneno ya watu wa Twitter ya "hii miting ingekuwa imeili" usiitaje hata kwa mzaha, hata akiitaja yeye wewe cheka tu unyamaze.

Ile sentensi ya "usiifute bado" ndio nataka uishike sana. Wengi wakikataa miting wanataka ife, na mwenye miting anaanza kuipigania kama mtoto wake. Wewe umeiacha hai. Jumatano saa kumi inakuja kabla ya Alhamisi saa nane, kwa hivyo kama kuandika kumeshindwa, saa yake bado iko kwa kalenda na hajapoteza chochote. Hakuna hatari anachukua kwa kukubali. Ungeweka dedlaini Ijumaa ungekuwa umemuomba akuamini kwanza, na baada ya ile maneno ya minitsi sidhani umefika hapo.

Akisema sawa, usisherehekee kwa kalenda. Kwa mwaliko weka No na kijisentensi kifupi pale Add note, kitu kama "Tumepanga na Madam, peji iko tayari, nitafika ikihitajika." Hicho kijisentensi wale wengine wanaweza kukiona kwa listi ya waalikwa, kwa hivyo neno "Madam" hapo linafanya kazi kubwa, wasije wakasema umegoma. Na kama ni miting ya kurudiarudia, soma kale kasanduku kanakokuuliza This event ama All events. Mimi nilikuwa ofisi moja Upper Hill, mtu wa edmin, nikataka kukosa Jumatatu moja tu niende kuchukua kitambulisho, nikabonyeza haraka haraka nikiwa kwa ngazi, na bosi akapata imeili kwamba nimejitoa Jumatatu zote mpaka Yesu arudi. Aliniita. Nilieleza. Mpaka leo sijui kama aliamini.

Kutoka hapo, shida yako itakuwa kimya. Miting ina ubaya wake lakini ina kitu kimoja, mtu akiwa mbele yako lazima afungue mdomo. Peji haimshiki mtu. Utatuma Jumatatu, Jumanne utaona alama za kusoma, na hakuna mtu ameandika kitu, na hapo ndio watu hukosea wakaandika kwa grupu "Jamani naomba mjibu." Jamani ni nani? Hakuna mtu anaitwa Jamani. Mfuate mhasibu kwa jina lake, Jumanne mchana, na umuulize swali lake tu: "Bima ya 8,000, tulipe ama tuwache?" Hata peji asifungue. Akikujibu kwa WhatsApp ama kwa simu, wewe mwenyewe ingia kwa peji uandike "Mhasibu amesema tulipe, Jumanne saa nane mchana" umtumie aone umeandika sawa. Afisa wa fildi akiwa Kajiado na mtandao unapotea, mpigie. Kuandika haimaanishi kila mtu aandike, inamaanisha jibu limeandikwa.

Kuna watu hupenda kumalizia na "asiyejibu nitachukulia amekubali." Kwa mambo ya chai ya ofisi sawa. Kwa pesa usijaribu. Lori likipotea na tangi tatu na hakuna bima, yule mhasibu aliyenyamaza atasema hakuwahi kuulizwa, na atakuwa anasema ukweli. Pesa inataka neno "nimekubali" limeandikwa na mwenyewe.

Shida ya pili ni kinyume cha kimya, watu kuanza kugombana kwa komenti. Utaijua mapema: watu wawili wamejibizana mara tatu kwa mstari mmoja na bado kila mtu amesimama pale pale, ama mtu ameanza kuandika "kama nilivyosema hapo juu". Ukiona hiyo wacha kuandika, hapo maandishi yameshindwa. Waite hao wawili pekee kwa simu dakika kumi na tano, na wewe uwe pale, alafu uandike kwa peji walichokubaliana. Usingoje Jumatano. Maneno ya kuandika hayana sauti, mtu anasoma "nani aliamua hivi" akisikia matusi kumbe mwenzake aliuliza tu.

Jumatano jioni, ukiwa na majibu, usimtumie Madam linki tena. Mtumie mistari mitatu: tumechagua huyu kwa bei hii, shule za kwanza ni hizi, mhasibu na fildi wamekubali, unaidhinisha? Akisema ndio, rudi kwa peji uandike juu kabisa "IMEAMULIWA" na tarehe na jina la aliyeidhinisha. Watu huruka hii kwa sababu kila mtu ameshajua, na wiki mbili baadaye mtu mmoja kati ya wale watano wa kusoma tu anauliza kwa nini hatukuchukua yule wa 72,000, na sababu hakuna mahali pa kumuelekeza, mnarudi kwa miting ile ile.

Ile ya kufuta miting mwachie Madam mwenyewe. Usiandike kwa grupu "miting haiko". Mwaliko ni wake, na akiandika yeye "Tumemaliza kwa maandishi, Alhamisi mko huru", wale watu nane watamshukuru yeye, na hiyo shukrani ndio itakusaidia siku ingine ukimletea peji ya pili. Kama anataka kusema peji ilikuwa wazo lake, ni lake.

Na akikataa? Nenda. Bila kununa, na peji yako ukiwa nayo. Muombe tu dakika kumi za kwanza watu wasome kimya kabla ya mtu kuongea. Hii si ushamba, pale Amazon mwaka 2004 Jeff Bezos alikataza mambo ya PowerPoint kwa miting za wakubwa wake, wakaanza kuleta maelezo ya kuandika na kukaa kimya wakisoma kwanza, na ile kampuni haikufungwa. Kwa hali yenu dakika kumi za kusoma jedwali na ile ya vijana wa kupakia itaonekana na kila mtu, saa tisa kasorobo unaweza kuwa kwa stage.

Nimalizie na zile za kutogusa na hii dawa, kwa sababu ukiona imefanya kazi mara moja utataka kuimwagia kila mwaliko. Kama sheria za manunuzi za ofisi yenu zinasema kamati ikae na isaini pamoja, peji haitoshi hata Madam akitaka, na hata kwa hizi lori angalia hiyo kwanza, kuna mashirika pesa ikipita kiwango fulani lazima watu wakae. Mtu mgeni akiwa ndio ameingia tu, nenda mkaonane. Mwenzako akiwa na habari mbaya, nenda. Na ukiitwa kujieleza kwa mambo ya nidhamu, hapo usitume peji ukabaki nyumbani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri kabla ya kukufuta kwa makosa ama kazi mbaya lazima akueleze sababu kwa lugha unayoelewa, na uko na haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako ama mwakilishi wa chama pale ndani unayemchagua wewe. Hiyo ni nafasi yako ya kusikizwa. Utetezi andika, ndio, lakini uende nao mkononi na uende na mtu.

Ya tangi iko sawa. Muulize Madam leo ile ya "tutoke tumeamua nini", na Alhamisi saa nane hata kama miting imefutwa simu iwe na chaji na uwe karibu, kwa sababu saa hiyo hiyo ndio atapiga kuuliza kitu kidogo, ajue tu kama uko.